Bugali, sambaza na mizani: tulikula mara nne kwenye malewa moja ya Kituku

Mchimbaji akishuka Goma na franga zake mfukoni, kitu cha kwanza anatafutaka ni sahani ya bugali. Wale wa Nyabibwe wanashukia Kituku na maboti ya Minova, wale wa Masisi wanaingia kwa barabara ya Sake, na wote wanatuuliza swali moja: wapi tunaweza kula muzuri bila kupigwa bei? Sisi wa komite tumeamua kujibu kwa kuenda kula wenyewe. Tulichagua malewa moja tu, ile watu wa maboti wanatajaka sana, na tukaingia pale mara nne katika muda wa wiki sita. Kila mara tulilipa kwa franga zetu, na mpaka mara ya tatu hatukusema sisi ni nani.

Jina la ile malewa hatuliandike, maana ukurasa huu haufanye reklame. Lakini mtu anayepanda kutoka kwenye maji ya Kituku ataiona: nyumba ya mbao yenye bati ya bluu, imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, meza sita ndani na mbili nje chini ya turubali. Moshi wa makala unatokea nyuma. Asubuhi utaona chukudu zimeegemezwa pale mlangoni, maana wale wanaoleta makala na mihogo ndio wateja wake wa kwanza.

Tulikuwa wanne kila mara. Wawili walivaa nguo za shimo, bote za plastiki na yote. Wawili walivaa shati ya kupigwa pasi. Sababu yake mutaiona chini.

Tuanze na sambaza, juu ndiyo chakula ambacho mtu anapandia ile njia. Samaki hii ndogo haikuwa ya ziwa letu tangu zamani. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 na ikawekwa Kivu, ikazaa sana, na leo mtoto wa Goma anadhani Mungu aliumba ziwa pamoja nayo. Wavuvi wanaivua usiku kwa taa. Taa inawashwa juu ya maji, sambaza inaifuata, halafu wavu unainuliwa toka chini. Basi ndiyo maana mwezi unaamrisha sahani yako. Usiku wa giza, taa ya mvuvi ndiyo mwangaza peke yake kwa ziwa, na samaki wanakusanyika. Mwezi ukiwa mzima, maji yote yana mwangaza, sambaza inatawanyika, na mvuvi anarudi asubuhi na kasha nusu. Siku hizo bei ya Kituku inapanda, na mwenye malewa ana njia mbili: kununua ghali, ama kupika ya jana.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne, usiku ule haukukuwa na mwezi. Sahani ilifika na sambaza zikiwa nzima, kichwa mpaka mukia, tumbo halijapasuka hata moja. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kutazama. Sambaza ikilala muda mrefu bila barafu, tumbo ndilo linaozaka mbele, na ikiingia kwenye mafuta ya moto linafunguka. Ukiona sahani yenye vichwa peke yake na migongo peke yake, ujue ile samaki ilikawia njiani. Alama ya pili ni ulimi: ya leo ina utamu kidogo, ya zamani inaacha uchungu nyuma ya mdomo. Hizi za Jumanne zilikuwa kavu nje, laini ndani, na mafuta hayakubaki chini ya sahani. Mpishi alizitia kwenye mafuta yenye moto wa kutosha. Kama mafuta ni ya baridi, samaki inayanywa na wewe unayakula. Nyanya na kitunguu viliwekwa pembeni, pilipili ya kusagwa ndani ya kisahani chake, na ndimu nusu. Tuliuliza kama ndimu inalipiwa. Hapana, hailipiwi.

Mara ya pili tulirudi kwa makusudi wakati wa mwezi mzima. Ilikuwa Ijumaa, wiki mbili na siku kadhaa kisha ile Jumanne. Tulitaka kuona kama watatudanganya. Msichana anayegawa chakula alikuja mbele hatujakaa vizuri, akasema: «Ba papa, sambaza ya leo haiko, iko ya jana. Tumeilaza na chumvi. Mukipenda tunawakaangia, mukikataa kuko sombe na maharagi.» Alisema vile kwa meza yetu, na tulimsikia akisema vile vile kwa meza ya watu wawili wa kontwari waliokaa nyuma yetu. Wawili kati yetu walichukua sambaza ya jana. Ilikuwa na chumvi mingi, matumbo mengi yalikuwa yamefunguka, na moja kati ya tatu ilikatika. Haikukuwa mbaya ya kugonjwesha mtu. Ilikuwa tu samaki ya jana, na walitupunguzia franga 1.000 kwa sahani bila sisi kuomba. Tumekula kwenye restora za vitambaa vyeupe ambapo samaki ya siku tatu inauzwa sawa ya leo, na garson anaapa. Kwa jambo hili ile malewa tunaiheshimu.

Bei sasa, ili mtu ajipange. Bugali na sambaza ni franga 6.000. Bugali, sombe na maharagi ni 3.500. Bugali na nyama ya mbuzi ni 8.000. Ukiongeza bugali ni 1.000, sukre ni 1.500. Bei zimeandikwa kwa chaki juu ya ubao mweusi kando ya mlango, na mara zote nne tulizolipa hazikubadilika kwa mdomo.

Lakini bei inaweza kukaa pale pale na chakula kikapungua. Mchimbaji anajua hii hadithi kuliko mtu yeyote. Negosia hakuguse bei ya kilo, anagusa kilo yenyewe. Ndiyo maana tulibeba mizani yetu ndogo ya kuning'iniza, ile tunayoendaka nayo kwa mashimo kukiwa mabishano. Tulikuwa tunaagiza bugali moja ya kubeba, tunaifunga kwa mfuko, tunaipima nje, mbali na macho.

Siku ya kwanza ilikuwa gramu 620. Siku ya pili, 600. Tofauti ya 20 si kitu, mkono wa mpishi hauko mashini. Mara ya tatu tulienda Jumamosi saa saba ya mchana, siku ya posho, maboti mawili yalikuwa yamefika na watu wamejaa mpaka kwenye turubali. Bugali ilipima gramu 430. Bei ile ile. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa tatu imeondoka, na mtu aliyetoka kwenye boti na njaa ya usiku mzima hawezi kujua, maana hana ya Jumanne ya kulinganisha nayo.

Hapa tunataka kuongeza jambo moja, juu kuna ndugu watasema mizani inatosha. Haitoshi. Bugali ni unga na maji, na maji hayanunuliwi ghali. Mpishi anayetaka kukudanganya kwa uzuri hapunguze ukubwa, anaongeza maji, na mizani yako itasema kila kitu kiko sawa. Ni sawa kabisa na mchanga wa koltani wenye maji: kontwari inakata kilo kwa ajili ya unyevu, kwa sababu inajua maji yanapima pia. Kwa bugali unafanya hivi. Unakata kipande, unakifinya kwa vidole vitatu. Bugali yenye unga wa kutosha inashika umbo la vidole na haibakize kitu kwenye ngozi. Yenye maji mengi inanata, na ukiiacha dakika kumi inatoa jasho chini ya sahani. Ile ya Jumanne na Ijumaa ilikuwa ngumu vizuri, unga wa muhogo umechanganywa na wa mahindi, inatoka kwenye vidole safi. Ile ndogo ya Jumamosi ilikuwa ngumu vile vile. Kwa hiyo tuliweza kusema bila wasiwasi: unga haukuchezewa, kipimo ndicho kilichezewa. Ama kilibadilika tu. Tutafika hapo.

Sombe yao ndiyo ilitufanya tusahau mizani kidogo. Wengi wanafikiri sombe ni majani tu na mawese, kila mtu anaweza. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake yakiwa mabichi, na kinachoiondoa ni kutwanga sana na kuchemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, mvuke utoke. Malewa yenye haraka inachemsha saa moja, inatia mafuta mengi ili kuficha, na mchana ule kichwa kinakuuma, unasema ni jua. Utaijua kwa rangi: sombe ya haraka iko na kijani ya kung'aa, inanuka kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na unasikia nyuzi kwenye meno. Sombe iliyoiva rangi yake ni ya giza, mawese yamepanda juu yenyewe, na haina nyuzi. Mama mwenye malewa alituambia anaweka sufuria kwa moto saa kumi na moja ya asubuhi na haigawe mbele ya saa tano. Tunamwamini, juu mara moja mmoja wetu alipita saa nne akitaka sombe, akajibiwa «haijaiva, papa, rudia», na hakuna franga iliyomfanya msichana afunue sufuria.

Mchanga tuliutafuta pia. Katika mji uliojengwa juu ya volkano, vumbi nyeusi inaingia kwenye kila kitu, na majani yasiyooshwa kwa maji matatu yanakata meno. Hatukukuta hata punje. Maharagi yalikuwa ya kawaida, yameiva, chumvi kidogo, hatuna la kusema zaidi.

Mbuzi ni hadithi nyingine. Franga 8.000 kwa vipande vitano, viwili kati yake ni mfupa na ngozi. Nyama ilikuwa ngumu mara zote mbili tulipoichukua, na mchuzi ulikuwa wa nyanya ya kopo yenye utamu wa sukari. Mwenzetu mmoja, meno yake ni ya kutosha kuvunja jiwe, aliweka kipande cha tatu pembeni na kuomba sambaza. Yeyote anayetaka mbuzi apande mjini kwa wachomaji wa jioni, pale inachomwa polepole juu ya makala na unalipia mbele ya macho yako. Kituku ni pa samaki.

Sasa huduma. Wenzetu wawili wa bote na wawili wa shati walikuwa wanaingia tofauti na kukaa meza tofauti, dakika mbili kati yao, wa bote ndio wa kwanza. Jumanne wa bote walipata chakula kisha dakika kumi na tano, wa shati kisha kumi na saba. Ijumaa, kwa sababu watu walikuwa wachache, wote kisha kumi. Lakini Jumamosi, wa shati walipewa sahani kisha dakika ishirini na tano, na wa bote, waliofika mbele, walikawia mpaka dakika arobaini na mbili. Hawakutukanwa, hawakufukuzwa. Macho ya msichana yalikuwa tu yanapita juu yao, kama vile mtu mwenye matope haana haraka. Na wakati sahani ilipofika, ndiyo ilikuwa ile ya gramu 430. Meza ya shati ilipata bugali iliyojaa zaidi, kwa macho tu, hiyo hatukuipima.

Tunasema ilikuwa hivyo, hatusemi ni tabia ya nyumba. Mara tatu kati ya nne zamu ilifuatwa. Lakini ile mara moja ilikuwa ndiyo siku ambayo wachimbaji wengi wanakuja, na mtu aliyetoka shimoni anajua harufu ya kupitwa.

Kwa kunawa mikono, nje ya mlango kuna bido yenye robine, imewekwa juu ya kiti cha mbao, na maji yake yana harufu ya klore. Goma ilijifunza hiyo kwa kolera, na ikaikumbuka tena wakati wa Ebola. Maji ya kunawa yanatakiwa kuwa na klore kidogo tu, kiasi cha 0,05 kwa mia. Ikizidi inakausha ngozi na kuuma kwenye vidonda, na mkono wa mchimbaji haukose kidonda. Yale ya pale yalinuka bila kuchoma. Sabuni ilikuwepo siku tatu. Jumamosi ilikuwa imeisha na hakuna aliyeirudisha. Kwa chakula ambacho kila mtu anakula na vidole, hiyo si jambo dogo, na watu zaidi ya hamsini walipita pale kwa mchana ule. Maji ya kunywa yanakuja kwa shupa iliyofungwa, franga 1.000. Angalia: shupa inawekwa mezani bila kuombwa. Ukiifungua, unalipa. Ukiiacha, wanaiondoa bila maneno. Wageni wengi wanafikiri ni zawadi.

Choo kipo nyuma, safi kiasi, mlango haufungi.

Franga. Faktire haiko. Msichana anahesabu kwa kichwa, anakuambia jumla, na mara zote nne hesabu yake ilikuwa sawa na yetu ya karatasi. Pale ambapo mtu anapoteza ni kwenye dola. Tutoe mfano wa Ijumaa. Sambaza mbili kwa bei ya siku ile, 10.000. Sombe mbili, 7.000. Sukre mbili, 3.000. Jumla 20.000. Mmoja wetu alitoa noti ya dola kumi. Siku ile washanjaji wa njiani walikuwa wanatoa franga 2.800 kwa dola, kwa hiyo noti ile ilikuwa 28.000 na tulitakiwa kurudishiwa 8.000. Malewa ilihesabu dola kwa 2.700. Tukarudishiwa 7.000. Franga 1.000 imeondoka, ni bugali moja ya kuongeza. Hawafichi: ukiuliza wanasema. Lakini kwa ubao wa chaki haiandikwe, na asiyeuliza haambiwe. Basi vunja dola yako mbele ya kuingia, washanjaji wamekaa pale pale njiani. Na noti ikiwa na kipasuko hata cha ukucha, usijaribu. Wataigeuza mbele ya jua, wataipima kona zote nne, na watakurudishia, sawa na kila mtu wa Goma.

Kisha ile Jumamosi tulimwomba mama mwenye malewa dakika chache, tukamwambia sisi ni nani na tumefanya nini. Tuliona ni haki asikie kwa midomo yetu mbele ya kusoma. Alitukaribisha nyuma, kwenye moshi, akaendelea kugeuza samaki wakati anasikiliza. Tulipotaja gramu 430 aliacha kugeuza.

«Mulipima?» 

«Tulipima, mama.» 

Alimwita msichana, akaomba kile wanachopimia bugali. Inaonekana wana bakuli mbili za plastiki. Bakuli inalowanishwa na maji, bugali inatiwa ndani, inazungushwa mpaka inakuwa mviringo, inapinduliwa juu ya sahani. Ya kijani ndiyo ya siku zote. Ya nyekundu ni ndogo, ni ya watoto, sahani ya mtoto inauzwa nusu ya bei. Siku ya watu wengi, msichana wa pili anakuja kusaidia, na bakuli ya kijani ni moja tu. Yule wa pili alikuwa anapimia na nyekundu, bei ya mkubwa.

Mama hakukana na hakumpigia msichana kelele mbele yetu. Alisema: «Banduku zangu, unga umepanda, sitawadanganya, nilifikiria kupunguza. Lakini kama ningepunguza ningeandika kwa ubao. Hii ya leo sikuijua.» Mmoja wetu alimuuliza kwa nini basi hakuna mtu anatazama siku ya posho, siku ambayo anapata franga nyingi zaidi. Alijibu kwamba siku hiyo yeye mwenyewe anasimama kwenye mafuta tangu asubuhi mpaka jioni, na kutoka pale haoni meza. Hilo ni kweli, tuliliona: ukuta wa mbao unafunga macho kabisa. Tulimwambia pia juu ya bote na shati. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema mume wake marehemu alikuwa mtu wa kuchimba. Hakuongeza kitu.

Juu ya dola alishikilia lake. Yeye anapeleka zile noti kwa washanjaji jioni, na nyingine zinakataliwa, hasara ni yake. Zile franga mia kwa dola ndizo zinafunika. Tunaelewa. Tunadhani bado ingefaa kuandikwa kwa chaki, na tulimwambia.

Tulirudi mara ya nne kisha wiki mbili, Jumamosi tena, saa ile ile, bila kutangaza. Hatukutaka kuandika habari ya siku moja mbaya kama ni hukumu ya nyumba, wala hatukutaka kumwamini mtu kwa maneno tu. Bakuli za kijani zilikuwa mbili. Bugali ilipima gramu 610. Sabuni ilikuwepo, imefungwa kwa kamba kwenye bido ili isiende nyumbani na mtu. Meza ya bote ilikawia dakika thelathini na moja, ya shati thelathini na tatu, muda mrefu kwa wote lakini zamu ilifuatwa. Sambaza zilikuwa za usiku ule, nzima, za moto. Ubao wa chaki haukuwa na neno lolote juu ya dola.

Inawezekana walitutambua, maana msichana alitabasamu mbele hatujakaa. Kwa hiyo bugali ya kupima hatukuiagiza sisi. Tulimtuma mtoto wa mvuvi mmoja aliyekuwa anapita na franga 1.000, akatuletea nje.

Mtu wa pekee mwenye 3.500 achukue sombe, na afike kati ya saa tano na saa sita na nusu; kisha saa saba mara mbili tulikuta imekwisha. Mwenye 6.000 achukue sambaza, lakini mbele atazame mbingu usiku wake, na kama mwezi ni mzima aulize «ya leo ama ya jana?» Watamjibu ukweli. Wanaokuja na mama na watoto waombe sahani ya bakuli nyekundu kwa nusu bei, inatosha mtoto wa miaka sita au saba, na wakae ndani, maana chini ya turubali moshi unaingia kwenye macho upepo wa ziwa ukipanda. Mchana siku ya posho muhesabu nusu saa ya kungojea, na kama boti yenu inarudi Minova saa nane, muagize mbele ya saa saba ama mununue sambaza za kukaangwa ndani ya karatasi, franga 4.000, mukule njiani. Malewa inafungua saa kumi na mbili na nusu kwa chai na mandazi, na jioni moto unazimwa saa kumi na mbili. Siku ya Yenga haifungue.